Stima kwanza, friji baadaye

Maneno haya kuhusu kujiandaa na mafuriko niliyasema kwenye mkutano wa wakazi wa mtaa wetu hapa Mathare, Jumapili moja kabla ya mvua ya vuli. Kijana mmoja aliyarekodi kwa simu, nami nimeyaandika karibu yalivyotoka, pamoja na maswali mawili niliyoulizwa katikati.

Hamjambo nyote. Asante mzee wa mtaa kwa kunipa nafasi. Kabla sijaanza, mama uliyekaa hapo mbele, hebu niangalizie saa. Saa nane na dakika kumi? Haya. Mnauona mtungi huu wa lita 20? Nimeujaza leo asubuhi kwa bomba la ploti yetu. Maji yalitoka na tope, nikayaacha yatulie, halafu nikayamimina polepole kupitia leso safi iliyokunjwa mara nne. Sasa natia kifuniko kimoja cha dawa ya maji ya WaterGuard, nafunga, natikisa. Hakuna kuyagusa mpaka saa nane na dakika arubaini. Mama, wewe ndiye askari wa mtungi.

Wengi mnanijua, ndiye yule fundi wa stima wa ploti ya kijani. Leo nataka kuwasimulia kosa langu mimi fundi, kwa sababu mtu akisikia fundi naye alirushwa na stima, atanyoosha masikio.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 2024 mnaukumbuka. Kuna waliolala juu ya mabati. Mimi niliamshwa na ubaridi: mkono wangu ulikuwa umening'inia kitandani na vidole vimegusa maji. Nilipoweka miguu chini, maji yalifika kwenye vifundo. Taa ilikuwa inawaka. Jambo la kwanza lililonijia kichwani ni friji. Ile friji nilikuwa bado naidai kampuni ya mkopo, yaani yenyewe ndiyo iliyokuwa ikinidai mimi, kila siku natuma pesa kwa simu. Nikairukia. Nikaikumbatia niipandishe juu ya meza.

Sikuinyanyua hata inchi moja. Ilinishika mikononi kama mtu, mikono ikakaza, kifua kikabana, kisha nikajikuta nimeanguka kando. Kuanguka ndiko kulikoniokoa, kwa sababu kulinibandua. Mke wangu alikuwa amesimama juu ya kitanda na mtoto, akataka kushuka anishike. Nikampigia kelele abaki palepale. Angenishika mimi bado nimeshikwa, tungezikwa wawili.

Sasa tulieni niwaeleze kilichotokea, maana hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Friji ilikuwa imechomekwa kwenye ekstensheni, na ekstensheni ilikuwa sakafuni. Maji yakaingia kwenye ile ekstensheni, stima ikapata njia mpya. Mtu ataniuliza, mbona breka haikuanguka? Breka haimlindi mtu. Breka inalinda waya. Breka ya ampea 20 inangoja mzigo uzidi ampea 20 ndipo ikate. Mwili wa mtu hauhitaji hata sehemu ndogo ya hiyo. Kinachomlinda mtu ni kile kifaa kingine chenye kitufe kidogo cha kupimia, ambacho hukata stima inapovuja kiasi cha ampea 0.03. Kwenye nyumba zilizowekwa nyaya vizuri kipo kwenye boksi. Kwenye ploti zetu nyingi hakipo, na pale kilipo, watu wamekiruka kwa kuwa kilikuwa kinaanguka-anguka. Kilikuwa kinaanguka kwa sababu kuna mahali panavuja! Ukiwa nacho, bonyeza kile kitufe mara moja kila baada ya miezi michache. Kisipokata, kimekufa, kibadilishwe.

Basi mpangilio ni huu. Stima kwanza, miguu ikiwa bado imekauka. Vitu baadaye. Ukigeuza mpangilio huo, mkono unaookoa friji ndio unaokuua.

Nikisema stima kwanza nina maana ya nini? Mvua ikinyesha saa mbili au tatu mfululizo na mto umeanza kunguruma, usingoje maji yafike mlangoni. Na msidanganywe na anga la hapa. Mto Nairobi unaanzia kule kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, na mito hii yetu yote inashuka kutoka upande huo wa juu. Unaweza kuona nyota hapa Mathare na maji yako njiani yanakuja. Mkisikia mto umebadilisha sauti, zima pasi, chomoa friji na televisheni, inua ekstensheni zote sakafuni, halafu nenda kwenye boksi uangushe swichi kubwa. Vaa ndara au viatu vya mpira, mkono uwe mkavu, na tumia mkono mmoja tu. Ule mwingine weka mfukoni au nyuma ya mgongo, usishike ukuta wa mabati. Sababu yake ni kwamba stima ikiingia mkono mmoja na kutokea mwingine, inapita kwenye moyo.

Ukikuta maji yamekutangulia, yaani ili uifikie ile swichi lazima ukanyage maji, basi swichi hiyo imekupita. Iache. Toka na watu wako kwa njia iliyo kavu, piga simu kwa watu wa stima wakate kutoka nje.

Kuna shida ya ploti, na hii ndiyo inayonikera zaidi. Kwetu mita ni moja kwa vyumba kumi na viwili. Swichi kubwa iko kwenye kabati la chuma ukutani, na usiku ule kabati lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Ufunguo alikuwa nao mwangalizi wa ploti, na mwangalizi analala ng'ambo ya mto. Nyumba kumi na mbili zinaogelea na swichi iko kifungoni. Tuliivunja kufuli kwa nyundo, mimi na kijana wa jirani, tumesimama juu ya benchi la mama mboga ili tusiwe majini. Tangu siku hiyo ufunguo wa pili uko kwa mtu anayelala ndani ya ploti, na kila mpangaji anamjua. Muulizeni landilodi wenu leo jioni. Akisema mtamwibia stima, mwambieni ufunguo ukae ndani ya bahasha iliyofungwa, ikifunguliwa ajulishwe.

Hapo kijana mmoja aliinua mkono: "Na sisi wa sambaza, fundi? Hatuna swichi kubwa."

Swali zuri, na sikuja hapa kumshtaki mtu. Wenye stima ya sambaza hawana pa kuzimia, na hilo ndilo tatizo lake. Waya umetoka kwenye nguzo, umepita juu ya mabati, umeungwa mara nne, kila kiungo kimefungwa kwa karatasi ya nailoni. Ukichomoa vitu vyako vyote, waya wenyewe bado una moto hadi mlangoni kwako. Ukikwaruza mabati, nyumba nzima inakuwa waya. Kwa hiyo kwenu ushauri ni mfupi: maji yakianza kupanda hamna cha kuzima, kuna kuondoka mapema kuliko jirani mwenye mita. Tokeni bila kugusa kuta. Na mkiwa majini mkahisi miguu inatekenywa, kama ganzi ya mtu aliyekalia mguu, hiyo si baridi. Ni stima iko ndani ya maji. Usisonge mbele. Rudi ulikotoka kwa hatua ndogondogo za kuburuta, nyayo zikiwa karibu karibu. Usikimbie, kwa sababu miguu ikiachana sana stima hupanda mguu mmoja na kushukia mwingine.

Hata wenye mita, mjue swichi kubwa inazima upande wenu tu. Waya unaotoka kwenye nguzo hadi kwenye mita bado uko hai. Ukiona umeanguka, usiuguse kwa kijiti wala kwa mwiko.

Haya, stima imezimwa, miguu bado imekauka. Sasa ndipo tunapandisha vitu, na hapa sitakawia, kwa sababu akina mama mnajua kupanga chumba cha futi kumi kwa kumi kuliko mimi. Nina mambo matatu tu.

La kwanza ni kimo. Msikisie. Ukuta wenyewe umeandika. Kwangu mafuriko ya 2024 yaliacha mstari wa tope kwenye mstari wa tatu wa mawe, sentimita sabini hivi. Kwenye mabati utaona kutu imekata mstari. Chukua alama hiyo, ongeza urefu wa mkono wako kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na hapo ndipo rafu yako ya usalama iwe. Kitanda hakifai. Meza kwa kawaida haifai pia. Mimi nimepigilia mbao mbili kwenye boriti za paa na juu yake nimeweka kipande cha plaiwudi. Godoro linakunjwa na kupanda huko kwanza, kwa sababu godoro likilowa upande mmoja tu hunyonya maji mpaka juu, na halikauki tena likawa godoro.

La pili ni karatasi. Kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, kadi ya kliniki ya mtoto, cheti cha shule, risiti za kodi ya nyumba, na dawa za mtu anayemeza dawa kila siku, ya presha, ya sukari, au nyingine yoyote. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku mwaka 2017 watu wanaweka vyeti kwenye bahasha ya kaki, na bahasha ya kaki ndani ya maji ni uji. Tafuteni ndoo tupu ya rangi yenye kifuniko kinachobana. Ioshe, ikaushe, tia karatasi zote na dawa humo. Ndoo ya namna hiyo inaelea. Ifunge kamba kwenye mkono wake ili isielee ikaenda zake hadi Dandora. Ikibidi kukimbia, unanyakua ndoo moja, huanzi kupekua chini ya godoro.

La tatu ni gesi. Mtungi wa gesi ukiisha-isha unaelea, ukielea unagonga, na mpira unachomoka. Funga vali ya juu kabisa, chomoa regileta, ufunge mtungi kwa kamba kwenye nguzo ukiwa umesimama.

Na kabla sijasahau: wakati bomba bado linatoa maji safi, jaza mitungi. Watu watano, kila mmoja lita tatu za kunywa kwa siku, siku tatu, ni lita 45. Kwa hiyo mitungi mitatu iliyofunikwa inatosha na inabaki ya kupikia uji wa mtoto. Huo ndio utajiri mkubwa utakaokuwa nao siku ya pili baada ya mafuriko.

Kwa sababu siku ya pili maji ndiyo yanayoua. Mnajua mipira yetu ya maji inapita wapi. Inapita ndani ya mtaro, mtaro uleule wa choo. Bomba likiwa na nguvu, maji yanatoka nje kwenye nyufa. Bomba likikatwa, nguvu inakwisha, na ule mpira unanyonya kutoka nje kuingia ndani. Kwa hiyo maji ya kwanza yanayorudi baada ya mgao kukatika ni uchafu wa mtaro uliopigwa chapa ya bomba. Yaacheni yatiririke mpaka yawe meupe, yatumieni kuosha sakafu. Na hata yakiwa meupe, bado yanahitaji dawa. Kipindupindu hakina rangi.

Kuchemsha kunaua vijidudu vyote vinavyotusumbua. Hapa Nairobi, kwa kuwa tuko juu, maji yanachemka yakiwa na joto la nyuzi 94 hivi, lakini hizo zinatosha. Subiri yatokote kwelikweli, mapovu makubwa yakipanda kutoka chini, kisha hesabu dakika. Moja inatosha, mimi huacha tatu, na ndugu zetu walio juu zaidi, kama Limuru, wasipunguze tatu. Shida ya kuchemsha ni mfuko. Nimepiga hesabu: mtungi mmoja wa lita 20 unakula kama robo kilo ya gesi. Gesi ya kilo 6 inakupeleka mitungi ishirini na kitu, halafu hujapika hata ugali. Ndiyo maana kwa maji mengi tunatumia dawa, na ya mtoto mchanga tunachemsha.

Dawa ina masharti yake. Haipendi tope. Ukitia dawa kwenye maji ya tope, dawa inamalizikia kwenye tope na vijidudu vinabaki vinacheka. Ndiyo maana nimeyaacha haya yatulie, nikachuja kwa leso. Yakiwa bado na ukungu kidogo baada ya kuchuja, tia vifuniko viwili badala ya kimoja. Vidonge ni hivyohivyo: soma pakiti imeandika kidonge kimoja kwa lita ngapi, maana vipo vya lita 20 na vipo vya lita chache, na mtu akivichanganya anakunywa maji yasiyo na dawa. Kisha nusu saa, saa ukutani, si ya kukisia.

Mama mmoja akauliza: "Nikikosa WaterGuard dukani, Jik inafaa?"

Inafaa, mama, lakini ile ya kawaida tu, isiyo na manukato wala rangi. Soma chupa, iwe inakaribia asilimia 3.5. Nusu kijiko cha chai kwa mtungi wa lita 20 wa maji yaliyochujwa, tikisa, ngoja nusu saa. Usimimine kwa macho. Na chupa iliyokaa juani dirishani mwaka mzima imekwisha nguvu hata kama bado inanuka, nunua mpya.

Kuna maji ambayo hayatibiki kwa moto wala kwa dawa. Mkiona utando wa rangirangi juu, au yananuka petroli au rangi, yamwageni. Walio upande wa Mukuru, karibu na viwanda, wananielewa. Dawa inaua kilicho hai. Kemikali haiko hai.

Nirudi kwenye stima kidogo nimalize, kwa sababu hapa ndipo watu wengine hurushwa, siku ya tatu, jua likiwaka na kila mtu amechoka. Maji yameondoka, ukuta umekauka, mtu anapandisha swichi. Ngoja. Soketi iliyofunikwa na maji ya mto ina tope ndani, na tope hilo linavuta unyevu usiku hata baada ya wiki moja. Ifunguliwe, isafishwe, ikauke au ibadilishwe. Breka iliyozama haikaushwi, inatupwa. Fundi mwaminifu atakuja na kipimo cha kuvuja kwa waya, apige volti 500, na akusomee namba: waya mzima hausomi chini ya megaomu 1. Akija na testa peke yake, yule wa bisibisi yenye taa, akasema iko sawa, huyo amekuja kula pesa yako. Na ukipandisha breka ikaanguka, usiipandishe mara ya pili ukiishikilia kwa kidole. Inakuambia kitu.

Friji yangu? Haikuwaka tena. Nililipa deni lote, nikaiuza kwa mtu wa chuma chakavu. Sijutii, isipokuwa pale ninapomkuta yule mtu njiani.

Mama, saa ngapi? Saa nane na arubaini na mbili. Haya, fungua mtungi, unuse kwanza kabla ya kuonja. Unasikia nini?

"Unanuka kidogo tu. Kama maji ya hospitali."

Basi yako tayari. Usingesikia harufu yoyote tungeongeza dawa nyingine kiasi kilekile, tukangoja robo saa nyingine. Leteni vikombe.